Somo: Kusoma saa kwenye mchoro (geuza mshale mfupi, mrefu uache ulivyo)

Wazazi wa hapa Kigoma, hasa wenye watoto katika shule za mchepuo wa Kiingereza, wamekuwa wakinitumia swali lile lile kila muhula: mtoto ameonyeshwa mchoro wa saa ambao mshale mfupi uko kwenye 7, naye akasema ni saa saba, ilhali nyumbani kila mtu anajua kuwa huo ni wakati wa kuwa darasani asubuhi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naliweka somo zima hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Hatua ya kwanza. Tofautisha mishale: mfupi ni wa saa, mrefu ni wa dakika.

Hatua ya pili. Anza na mshale mrefu, na usome dakika kama zilivyo, ukihesabu tano kwa kila namba kuanzia juu kwenye 12.

Hatua ya tatu. Amua unataja saa ipi. Mshale mrefu ukiwa nusu ya kulia ya mchoro, taja saa iliyokwisha kupita kisha uongeze dakika. Ukiwa nusu ya kushoto, taja saa inayokuja na useme kasoro. Ukiwa kwenye 6 ni na nusu, kwenye 3 ni na robo, kwenye 9 ni kasorobo.

Hatua ya nne. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Ukishaijua namba ya saa unayotaka kuitaja, vuka katikati ya mchoro kwa mstari ulionyooka hadi namba inayotazamana nayo, na hiyo ndiyo utakayoitamka. Saba hutazamana na moja, nane na mbili, tisa na tatu, kumi na nne, kumi na moja na tano, kumi na mbili na sita. Na kila jozi husomeka pia kinyume chake. Njia hii haikosei, kwa sababu hesabu yetu huanza saa sita baada ya usiku wa manane, na sita ni nusu kamili ya namba kumi na mbili zilizo kwenye duara. Lakini kinachovuka ni mshale mfupi peke yake. Dakika arobaini ni arobaini kwa Mwingereza na ni arobaini kwa Mswahili. Kwa sababu hiyo, msimfundishe mtoto kuigeuza karatasi juu chini ili 6 ikae mahali pa 12, kama nilivyoona baadhi ya watu wakifanya: mshale mfupi utasomeka vizuri, lakini mrefu nao utakuwa umegeuka, na robo itageuka kuwa kasorobo.

Tuchukue mchoro mmoja. Mshale mrefu uko kwenye 8, na mfupi uko kati ya 9 na 10, ukiwa umekaribia 10. Mshale mrefu unasema dakika 40 zimepita, yaani zimebaki 20. Uko upande wa kushoto, kwa hiyo nataja saa inayokuja, ambayo kwenye mchoro ni 10. Navuka kutoka 10 na kufika 4. Jibu ni saa nne kasoro dakika ishirini. Anayependa kusema saa tatu na dakika arobaini hajakosea. Yeye ameitaja 9 iliyopita, akavuka hadi 3, na hakutumia kasoro.

Majibu mabaya ya mchoro huo huo nayo yana mafunzo, kwa kuwa ukubwa wa kosa humwonyesha mzazi hatua iliyoharibika. Mtoto akisema saa kumi kasoro dakika ishirini, amekosea kwa saa sita nzima, na maana yake ni kwamba hakuvuka kabisa. Akisema saa tatu kasoro dakika ishirini, amekosea kwa saa moja: amevuka vizuri, lakini ametoka kwenye saa iliyopita badala ya inayokuja, kwa hiyo mrudishe hatua ya tatu. Akisema saa tatu na dakika kumi, au saa nne na dakika kumi, amekosea kwa nusu saa kamili, na hilo hutokea kwa yule tu aliyeuvusha mshale mrefu kutoka 8 hadi 2. Kabla ya kumfokea, pima kwanza amekosea kwa kiasi gani.

Hatua ya tano. Ongeza wakati wa siku, kwa kuwa mchoro wa mishale hauonyeshi kama ni mchana au usiku. Saa nne kasoro dakika ishirini yaweza kuwa ya asubuhi au ya usiku, na kama swali halina jua, mwezi au maelezo yoyote, mtoto aandike saa bila kubuni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzazi wa Mwanga: Mwalimu, mshale mfupi ukiwa kwenye 7 ni saa ngapi?

Jibu: Soma aya ya kwanza, kisha hatua ya nne. Imo kwa herufi.

Mwanachama wa Kasulu: Njia yako ni ndefu mno. Mimi naondoa sita tu na kazi imekwisha.

Jibu: Ondoa sita kwenye 4 kisha uniambie umepata nini. Kuondoa sita kunatosha kuanzia 7 hadi 12. Kuanzia 1 hadi 6 unapaswa kuongeza sita. Mtu mzima anaweza kukumbuka lini aongeze na lini aondoe, lakini mtoto wa darasa la pili ambaye ana mchoro mbele yake humtosha kuvuka kwa kidole, na kidole hakimwulizi kama ni kuongeza au kuondoa.

Mwanafunzi wa ualimu, Tabora: Shikamoo mwalimu. Nimekuta mchoro ambao mshale mfupi umekaa juu ya 10 kabisa na mrefu uko kwenye 9. Je, ni saa nne kasorobo au saa tano kasorobo? Na je, mchoro kama huo ni halali?

Jibu: Marahaba. Mchoro huo umechorwa na mtu ambaye hakuitazama saa inavyokwenda. Kwenye saa halisi mshale mfupi hausubiri saa itimie ndipo uruke, bali hutembea polepole pamoja na dakika. Kutoka namba moja hadi inayofuata ni nyuzi 30, na huzimaliza kwa dakika 60, yaani nusu ya nyuzi kwa kila dakika. Dakika 45 zikipita, mshale mfupi unapaswa kuwa umekwenda robo tatu ya njia kutoka 9 hadi 10. Kwa hiyo katika mchoro wako chagua jibu ambalo mshale ungekuwa karibu zaidi na mahali ulipochorwa: kama ni saa nne kasorobo, mchoraji amekosea kwa robo ya nafasi, na kama ni saa tano kasorobo amekosea kwa robo tatu. Jibu la busara ni saa nne kasorobo. Mchoro usioweza kuokolewa ni ule wenye mshale mrefu kwenye 6 na mfupi juu ya namba kamili, kwa sababu hapo saa zote mbili ziko umbali sawa. Huo usiusahihishe kwa wanafunzi, uchore upya. Ukiandaa zoezi lako mwenyewe, mishale mifupi ya na nusu yote iwekwe katikati ya namba mbili.

Mwanafunzi wa ualimu, Tabora: Nashukuru sana. Na saa za namba tupu, kama 20:30 kwenye simu?

Jibu: Huko hakuna cha kuvuka, kwa hiyo hesabu inatumika. Kuanzia 00 hadi 06 ongeza 6, kuanzia 07 hadi 18 ondoa 6, na kuanzia 19 hadi 23 ondoa 18. Hivyo 20:30 ni saa mbili na nusu usiku, 15:40 ni saa tisa na dakika arobaini alasiri, na 02:15 ni saa nane na robo usiku. Dakika huzigusi hapa pia. Ukiandika kwa tarakimu kama magazeti yetu yafanyavyo, andika saa 2:30 usiku, na neno usiku lisikosekane.

Mwanachama wa Ujiji: Mwalimu, tunaambiwa saa za Kiswahili zinahesabiwa tangu jua linapochomoza. Mbona hapa Ujiji saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza? Mwanangu aliniuliza nikakosa jibu.

Jibu: Mpe mwanao hongera, kwa sababu swali lake ni zuri kuliko mengi niliyojibu hapa. Hesabu ilifuata jua, lakini leo tunaitumia juu ya saa rasmi ya nchi nzima, na saa hiyo imepangwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, ambao uko baharini, mashariki ya Dar es Salaam. Kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4 za jua. Kigoma iko karibu nyuzi 29.6, yaani zaidi ya nyuzi 15 magharibi ya mstari huo, na hivyo jua letu limechelewa kwa takriban saa moja. Hapa huchomoza, kutegemea majira, kuanzia karibu saa kumi na mbili na nusu hadi kupita kidogo saa moja, na kwa wastani huwa utosini karibu na saa saba, si saa sita. Dar es Salaam hulipata takriban dakika 39 kabla yetu, na Tabora iko kati. Kwa hiyo unapomchorea mtoto wa Kigoma jua linachomoza kando ya saa inayoonyesha kumi na mbili kamili, unamchorea asubuhi ambayo haioni dirishani.

Mwanachama wa Ujiji: Basi jioni nako saa kumi na mbili jua linakuwa bado lipo.

Jibu: Ndiyo, huwa halijazama ziwani. Ndiyo maana nasema mtoto aongozwe na maelezo ya swali, asiongozwe na anga la nyumbani kwake.

Mfanyabiashara wa Kibirizi: Naomba kuuliza kidogo nje ya mchoro. Nikimpigia mwenzangu Bujumbura nikamwambia saa tatu asubuhi, yeye anakuja na saa yake. Nani amekosea?

Jibu: Hakuna aliyekosea, kaka. Burundi, pamoja na upande wa Kongo ng'ambo ya ziwa, wako saa moja nyuma yetu. Ikiwa saa tatu asubuhi hapa Kibirizi, saa ya ukutani kwao inaonyesha mshale mfupi kwenye 8, nayo ukiivuka ni saa mbili. Ukipanga naye miadi, sema saa tatu ya Kigoma au saa tatu ya Bujumbura, na kwa miadi ya usiku taja pia siku inayokucha, mathalani saa saba usiku wa kuamkia Jumapili, kwa kuwa wakati huo kwenu imekwisha kuwa Jumapili na kwake ndiyo kwanza saa sita inatimia.