Kabla hujajibu swali la dadu lililotumwa kwa picha

Ukifungua wasapu ukakuta picha ya swali la "wa kwanza kupata sita ndiye mshindi", usikimbilie kalamu. Kuza picha kwanza. Ikiwa na kivuli, mwambie aliyeituma aipige upya. Soma kama dadu ni ya haki na kama mchezo unaendelea mpaka mtu apate sita. Wakisema kila mtu arushe mara tano tu, jumla ya mfululizo usio na mwisho haikuhusu. Tazama pia nani anaanza, maana anayeanza ana faida.

Halafu hesabu wachezaji. Hapa ndipo nilipoungua.

Nilikuwa nimesimama kwenye daladala la Mbagala, mkono mmoja kwenye bomba, mwanafunzi wangu wa tuisheni akatuma picha: "Shikamoo mwalimu, naomba hili, kesho tunakusanya." Nikaona A na B wanarusha kwa zamu, A anaanza, na unatafutwa uwezekano wa A kushinda. A anapata sita papo hapo kwa uwezekano wa 1/6. Zamu inamrudia tu ikiwa yeye na B wote wamekosa, yaani 5/6 × 5/6 = 25/36. Basi nafasi zake ni 1/6, kisha 1/6 × 25/36, na kila inayofuata unazidisha tena kwa 25/36. Huo ni mfululizo wa jiometri: chukua namba ya kwanza, gawanya kwa moja toa kizidisho. 1/6 ÷ 11/36 = 6/11. Nikatuma hata Kwa Azizi Ali hatujafika.

Kijana akarudi na mkwaju mwekundu kwenye daftari. Kitabu hakikufunguka vizuri, na herufi C ilikuwa imezama kwenye mshono. Wachezaji walikuwa watatu! Zamu kumrudia A inahitaji watu watatu wakose: 125/216. Kwa hiyo 1/6 ÷ 91/216 = 36/91, karibu 0.40, si 0.55 niliyompa.

Dalili ilikuwepo. Swali liliisha na "kwa mpangilio huo". Wakiwa wawili na anayeanza anajulikana, mpangilio wa nini tena?

Kujumlisha nafasi za wote kusingeniokoa. 36/91, 30/91 na 25/91 zinaleta moja, lakini 6/11 na 5/11 nazo zinaleta moja. Jumla hiyo inakamata kosa jingine, la kuzidisha kwa 5/6 badala ya 25/36. Ukifanya hivyo A anapata 1/6 ÷ 1/6, yaani moja kamili, kana kwamba B hashindi kabisa.

Na usikariri 6/11. Wakisema "tano au sita", wawili hao hao, A anapata 3/5. Angalia pia kama wanarusha dadu mbili, kama ukurasa una sehemu (b) iliyokatwa chini, na usijibu ukiwa umesimama kwenye daladala.