Kuzimua mara kumi: pH ya asidi kali, asidi dhaifu na bafa

Ukichukua mililita 10 za myeyusho wa asidi na kuongeza maji hadi zifike mililita 100, ukolezi wake unashuka hadi sehemu moja ya kumi. Kitendo ni kilekile kwa myeyusho wowote, lakini pH haiitikii kwa namna moja: katika asidi kali hupanda kwa 1, katika asidi dhaifu hupanda kwa nusu hivi, na katika bafa karibu haiondoki mahali pake. Wanafunzi wengi huzikariri namba hizo kama kanuni tatu zisizohusiana, ilhali zote zinajibu swali moja: maji yanapoongezwa, je, ndani ya myeyusho kuna akiba ya asidi inayoweza kutoa ayoni mpya za hidrojeni, na ni kitu gani kinachoizuia isizitoe zote? Somo hili linalifuata swali hilo kwa asidi hidrokloriki, asidi asetiki (ile iliyomo katika siki), na bafa ya asidi asetiki na sodiamu asetati, katika nyuzi 25 za Selsiasi.

Hatua ya kwanza: kuandaa miyeyusho

Andaa HCl ya moli 0.10 kwa lita na asidi asetiki ya moli 0.10 kwa lita. Kwa bafa, changanya ujazo sawa wa asidi asetiki ya moli 0.20 kwa lita na sodiamu asetati ya moli 0.20 kwa lita, ili kila kimoja kibaki na moli 0.10 kwa lita baada ya kuchanganywa. Anayechanganya miyeyusho ya 0.10 hupata 0.050 ya kila kimoja. pH yake itakuwa karibu ileile, kwa hiyo kipima pH hakitamwonyesha kosa hilo, lakini hesabu za hatua ya mwisho zitamkataa.

Ili kuzimua, suuza pipeti ya mililita 10 kwa myeyusho utakaoupima, hamisha mililita 10 kwenye chupa ya ujazo ya mililita 100, ongeza maji yaliyokenekwa hadi kwenye alama, funga na uigeuze chupa mara kadhaa. Kugeuza huko kusipuuzwe, kwa sababu maji ya juu na asidi ya chini havichanganyiki vyenyewe kwa haraka, na kipimo cha kwanza kinaweza kuwa cha sehemu moja tu ya chupa.

Hatua ya pili: asidi kali

Katika HCl hakuna akiba. Kila molekuli imekwisha kutengana kuwa ayoni, kwa hiyo ukolezi wa ayoni za hidrojeni ni 0.10 kabla ya kuzimua na 0.010 baada yake. pH kwa hesabu inatoka 1.00 hadi 2.00, na hakuna cha kuongeza.

Hatua ya tatu: asidi dhaifu

Asidi asetiki ina Ka ya 1.8 × 10⁻⁵, maana yake ni kwamba katika msawazo

Ka = [H⁺][CH₃COO⁻] / [CH₃COOH]

Ikiwa ukolezi ni 0.10, ayoni za hidrojeni ni takriban 1.33 × 10⁻³ moli kwa lita, na pH ni 2.88. Ni asilimia 1.3 tu ya molekuli iliyotengana. Zilizobaki ndizo akiba.

Sasa fikiria hali ilivyo mara tu maji yanapoingia, kabla ya molekuli yoyote kutengana upya. Viwango vyote vitatu katika mlinganyo vimeshuka mara kumi. Juu kuna viwango viwili vinavyozidishana na chini kuna kimoja, kwa hiyo uwiano wote umeshuka hadi sehemu ya kumi ya Ka. Msawazo umevurugika, na ili kuurudisha molekuli nyingine zinatengana. Ayoni za hidrojeni, ambazo zilikuwa zimeshushwa hadi 1.33 × 10⁻⁴, zinapanda tena hadi 4.15 × 10⁻⁴, na pH inatulia kwenye 3.38. Asilimia ya molekuli zilizotengana imepanda kutoka 1.3 hadi 4.2.

Kwa nini basi hazirudi hadi 1.33 × 10⁻³, wakati akiba bado ni kubwa? Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kila molekuli inayotengana inatoa ayoni mbili kwa pamoja, ya hidrojeni na ya asetati, na zote mbili zinauinua uwiano. Ayoni za hidrojeni zikiongezeka mara tatu, asetati nayo imeongezeka mara tatu, na zao lao limekuwa mara tisa. Uwiano umekaribia Ka na utengano unasimama. Ndiyo maana hesabu ya makadirio ina kipeuo cha pili: [H⁺] ≈ √(Ka × C). Ukigawanya C kwa 10, [H⁺] inagawanyika kwa √10, yaani kwa 3.16, na logi ya 3.16 ni 0.50.

Hatua ya nne: bafa

Bafa nayo inaanza kwa mvurugiko uleule. Kabla ya kuzimua, ayoni za hidrojeni ni 1.8 × 10⁻⁵ na pH ni 4.74. Maji yanapoingia, zinashuka hadi 1.8 × 10⁻⁶, na uwiano unashuka tena hadi sehemu ya kumi ya Ka. Tofauti ni kwamba safari hii asetati iliyomo ni nyingi tangu mwanzo: 0.010 moli kwa lita hata baada ya kuzimua. Ili ayoni za hidrojeni zirudi zilikokuwa, zinahitajika 1.6 × 10⁻⁵ tu, ambazo ni kama asilimia 0.16 ya asidi iliyopo. Asetati inayozaliwa pamoja nazo ni kidogo mno kuliko ile iliyokuwapo, kwa hiyo haiuinui uwiano kwa kiasi cha maana. Hakuna kinachousimamisha utengano katikati, na ayoni za hidrojeni zinarudi karibu zote. Hesabu kamili inatoa pH ya 4.75.

Ni kosa, basi, kusema kwamba katika bafa hakuna kinachotokea. Katika kila lita ya bafa ya awali kulikuwa na moli 1.8 × 10⁻⁵ za ayoni za hidrojeni. Lita hiyo ikiwa lita kumi, idadi yao imekuwa karibu mara kumi. pH imebaki palepale kwa sababu asidi imefanya kazi.

Hatua ya tano: kilichopotea katika bafa

Chukua mililita 100 za bafa ya awali na mililita 100 za bafa iliyozimuliwa. Katika kila moja tia mililita 1.0 ya sodiamu hidroksidi ya moli 0.10 kwa lita, yaani milimoli 0.10.

Bafa ya awali ina milimoli 10 za asidi na 10 za asetati. Baada ya alkali kuingia zinakuwa 9.9 na 10.1, na pH inapanda kwa chini ya 0.01. Iliyozimuliwa ina milimoli 1.0 ya kila kimoja, zinakuwa 0.90 na 1.10, na pH inapanda kwa 0.09. Bafa mbili zenye pH moja zimetofautiana mara kumi katika uwezo wa kuilinda pH hiyo. Napendekeza hatua hii isirukwe darasani, maana bila hiyo mwanafunzi huondoka akiamini kwamba bafa haidhuriki kwa maji.

Maswali ya wanachama

*Mwanafunzi wa kidato cha sita:* Shikamoo mwalimu. Kama kila kuzimua mara kumi kunapandisha pH ya HCl kwa 1, je, nikiendelea kuzimua nitafika pH 8?

*Jibu:* Marahaba. Hutafika. Kanuni ya 1 inachukulia kwamba ayoni zote za hidrojeni zinatoka kwenye asidi, na dhana hiyo inavunjika pale ayoni za maji yenyewe zinapokuwa na uzito. HCl ya 10⁻⁶ ina pH ya 6.00, ya 10⁻⁷ ina 6.79, na ya 10⁻⁸ ina 6.98. Kila asidi uzimuayo inaikaribia 7 kutoka chini bila kuivuka. Ukijaribu kwa vitendo utapata hata pungufu, kwa kuwa maji yaliyoachwa wazi hufyonza kaboni dioksidi ya hewani na kufikia pH ya takriban 5.6.

*Mwalimu wa sekondari:* Nilizimua asidi asetiki kwa mfululizo. Mwanzoni badiliko lilikuwa nusu, lakini kutoka 10⁻⁴ hadi 10⁻⁵ lilifika karibu 0.7. Je, nimekosea vipimo?

*Jibu:* Vipimo vyako ni sahihi, ndugu mwalimu. Kipeuo cha pili kinafaa pale tu asidi iliyotengana inapokuwa sehemu ndogo ya asidi yote. Kwenye 10⁻⁴ molekuli zilizotengana ni asilimia 34, na kwenye 10⁻⁵ ni asilimia 72. pH kwa hesabu kamili ni 4.46 na 5.15, tofauti ya 0.69. Akiba inaisha, na asidi dhaifu inaanza kufuata mwendo wa asidi kali. Tumia mlinganyo wa kipeo cha pili kila unapoona utengano umepita asilimia 5.

*Fundi wa maabara:* Bafa yetu ya fosfeti yenye chumvi huja ikiwa imekolezwa mara kumi. Kipima pH kinasoma 6.8 hivi, na baada ya kuzimua kinasoma 7.4. Kama bafa haibadiliki, tofauti hiyo ya 0.6 inatoka wapi? Elektrodi ni mpya na imesawazishwa.

*Jibu:* Elektrodi haina kosa. Hesabu za somo zimetumia ukolezi, lakini kipima pH huitikia shughuli halisi ya ayoni, na ayoni zilizosongamana huvutana na kupunguziana shughuli. Ukizimua, msongamano unapungua na pH inasogea. Katika bafa ya asetati ya somo hili badiliko ni dogo: kipima husoma takriban 4.65 kwenye 0.10 na 4.7 kwenye 0.010. Kwa sababu hiyohiyo HCl ya 0.10 husoma karibu 1.1 badala ya 1.00. Fosfeti huathirika zaidi kwa kuwa mmoja wa washirika wake, HPO₄²⁻, una chaji mbili, na athari ya msongamano hukua kwa mraba wa chaji; tena bafa yenu imejaa chumvi ya mezani, ambayo nayo inaongeza msongamano. Kwa hiyo msiirekebishe pH ya myeyusho uliokolezwa ifike 7.4. Zimueni kwanza kiasi kidogo, pimeni hicho, kisha mrekebishe kulingana nacho.