Kutafsiri sini ya skripti kwa Kiswahili bila majina, vichwa na mabano kuharibika

Juzi nilikuwa nasaidia kijana mmoja hapa Kisumu na sini yake ya wavuvi wa Dunga. Alikuwa ametafsiri vizuri sana, Kiswahili kimenyooka, lakini akifungua PDF majina yamekimbilia pembeni na mabano yameingia kwa maelezo. Nimeandika hii ili mwingine asihangaike hivyo.

Hatua ya 1. Toa skripti kwa Word, weka kwa faili ya kawaida yenye inaishia na .fountain. Mimi natumia VS Code na ekstensheni inaitwa Better Fountain, ni ya bure na inakuonyesha ukurasa ukiwa bado unaandika. Word ni ya barua, usitafsirie skripti huko.

Hatua ya 2. Kabla hujatafsiri hata mstari mmoja, andika orodha ya majina yote ya wahusika. Jina la mtu haliguswi, Rose anabaki ROSE na Grace anabaki GRACE. Jina la kazi, kama yule mama anayeuza samaki, unachagua mara moja tu, MUUZA SAMAKI, na hutabadilisha ukifika katikati uanze kumuita MAMA SAMAKI, juu programu itahesabu hao ni watu wawili.

Hatua ya 3. Vichwa vya sini. Mimi naacha INT. na EXT. vile vilivyo, natafsiri mahali na wakati pekee. Programu inatambua kichwa kwa hayo maneno ya mwanzo, na hata kru wa hapa ndivyo wanavyosema. Lakini kama dairekta anataka NDANI na NJE, anza mstari na nukta, ukiisahau kichwa kinageuka kuwa maelezo ya kawaida:

```
.NJE. UFUO WA DUNGA - ALFAJIRI

Mitumbwi inarudi.

NYONG'O
(akinong'ona)
Usiangalie nyuma.
```

Acha mstari mtupu juu ya kichwa na chini yake. Halafu mahali paandikwe vilevile kila mara, ukiandika UFUO WA DUNGA hapa na DUNGA UFUONI kule, mtu wa ratiba atapanga lokesheni mbili.

Hatua ya 4. Hii ndiyo inakula masaa, soma polepole. Huku kwetu majina mengi yana ng', na hiyo alama ya juu inakuja kwa sura tofauti. Kuna iliyonyooka ('), na kuna iliyopinda (’) ambayo Word inaiweka yenyewe ukichapa, na simu zingine pia zinafanya hivyo. Kwa jicho karibu zinafanana, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa, kwa hivyo NYONG'O wa sini ya kwanza na NYONG’O wa sini ya pili wanakuwa wahusika wawili. Utajuaje? Fungua takwimu za wahusika kwa Better Fountain, ukiona jina moja limetokea mara mbili na mistari yake imegawanywa, ni hiyo. Mwigizaji akipewa mistari yake kutoka kwa orodha hiyo, atapata nusu tu.

Dawa yake: bonyeza Ctrl+H, juu uweke ’ na chini uweke ' kisha ubadilishe zote. Rudia na ile imepinda upande mwingine (‘), watu husahau hiyo. Usiifanyie ndani ya Word, kule ukitafuta moja inakuletea zote mbili, na ukibadilisha inaweza kupinda tena.

Hiyo haitashika mahali alama imeachwa kabisa. Mtu akiandika NYONGO, kikagua tahajia kitanyamaza kwa sababu nyongo ni neno halali la Kiswahili, ile chungu ya tumboni. Hapo ni kupitia orodha ya wahusika kwa macho ukiilinganisha na ile ya hatua ya 2, hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 5. Mabano. Jina, mabano na maneno vinashikana, hakuna mstari mtupu katikati. Ukikopi kutoka kwa imeili mara nyingi mistari mitupu inajiongeza, basi jina linakosa kuwa jina na linaenda kushoto kabisa. Ukiona jina limeegemea kushoto, tafuta huo mstari mtupu chini yake, au angalia kama kuna mtu ameliandika kwa herufi ndogo. Kama lazima libaki na herufi ndogo, anza na @ hivi: @Mama Akinyi. Na (V.O.) ikae mstari mmoja na jina, ukiishusha chini itasomwa kama maelekezo ya uigizaji.

Mabano ya Kiswahili yawe kitenzi kimoja kama inawezekana, akinong'ona, akicheka, akimgeukia. Ukiona yanafika mistari miwili, hayo ni maelezo, yatoe kwa mabano uyaweke kabla ya jina.

Hatua ya 6. Toa PDF, hesabu vichwa vya sini kwa ile ya Kiingereza na kwa yako. Namba zikikataa kulingana, rudi hatua ya 3, kuna nukta umeacha mahali.