Kurekodi kimia kikirushwa: mwendo wa polepole kwa simu, ufukweni Bagamoyo

Mvuvi anaporusha kimia ufukweni Bagamoyo, wavu hufunguka hewani na kutua majini ndani ya sekunde moja hivi, na ufupi huo ndio unaoamua kasi ya fremu. Hatua ya kwanza, basi, ni kufungua mipangilio ya kamera na kuchagua 1080p yenye 240 fps, yaani fremu 240 kwa sekunde. Video hiyo ikichezwa kwa fremu 30 kwa sekunde, sekunde moja ya kimia huwa sekunde 8. Kwa 120 fps utapata sekunde 4, ambazo zinamtosha mtu anayetembea au ngalawa inayosukumwa majini, lakini kwa wavu naona ni chache. Ukirekodi kwa fremu 30 ukitarajia kupunguza kasi baadaye, programu ya kuhariri italazimika kurudia fremu zilezile, na mwendo utakwamakwama.

Hatua ya pili ni shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, nayo ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Kanuni ya kuanzia ni kuiacha wazi kwa nusu ya muda wa fremu, yaani 1/480 ya sekunde. Kwa kuwa kamera ya kawaida ya simu hujichagulia yenyewe, tumia programu inayokuruhusu kuipanga kwa mkono, kama Blackmagic Camera. Kisha rekodi mrusho mmoja, uutazame fremu baada ya fremu, ukikazia macho vipande vya risasi vilivyofungwa kwenye ukingo wa wavu. Risasi inayokwenda mita 5 kwa sekunde husogea sentimita 1 hivi katika muda wa 1/480, kwa hiyo hubaki kama nukta iliyolainika kidogo. Ukiona vistari badala ya nukta, panda hadi 1/1000. Nukta zikiwa safi lakini picha imejaa chenga, mwanga hautoshi, na simu imepandisha ISO, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, ili kuufidia.

Ndiyo maana napendelea saa moja hadi saa moja na nusu asubuhi, jua likitokea upande wa bahari. Simama kando ili limulike wavu kwa nyuma na kwa mshazari, matone yang'ae. Halafu gusa na kushikilia wavu kwenye kioo hadi kamera ifunge mwanga na fokasi, la sivyo picha itafifia na kung'aa wavu unapopita mbele ya anga.

Ndani ya ukumbi wa ngoma mambo hubadilika. Umeme wetu ni wa 50 Hz, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kwa 240 fps upepesaji huo hujitokeza kama picha inayowaka na kufifia. Hapo rekodi kwa 50 fps na shata ya 1/100, uicheze kwa 25: mwendo utapungua kwa nusu tu, lakini mwanga utatulia.