Mashine ya kusaga kijijini: kuifunga vizuri na kuhesabu debe kwa lita

Kijiji kisichofikiwa na umeme bado kinasagiwa na injini ya dizeli, na faida ya mwenye mashine imo kwenye swali moja: lita moja ya dizeli inasaga debe ngapi? Mwongozo huu unahusu mashine ya nyundo inayosaga dona, ikizungushwa na injini ya Kichina ya S195, yaani farasi 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Kukoboa kwa ajili ya sembe kunahitaji kinu kingine. Injini hiyo hiyo inaweza kukiendesha, ila kwa zamu.

Hatua ya 1: Hesabu kaya kabla hujanunua chochote

Debe sita hujaza gunia la kilo 100, kwa hiyo debe moja ni kilo 16 hadi 17. Kaya ya watu watano inayokula ugali kila siku humaliza karibu debe tatu kwa mwezi. Kaya 150 ni debe 450. Usidhani zote zitakuja kwako: wapo watakaokwenda mashine nyingine siku ya gulio, na wapo watakaosagia mjini wakipita. Chukua theluthi mbili, debe 300.

Injini ya farasi 12 inayofanya kazi vizuri husaga debe 10 hadi 12 kwa saa. Debe 300 ni kazi ya saa 25 hadi 30 kwa mwezi mzima. Ndiyo maana hakuna sababu ya kukopa fedha ili ununue injini kubwa zaidi. Kinachopungua kijijini ni mahindi ya kusaga, hasa miezi ya kabla ya mavuno, wakati watu wananunua nafaka kwa kilo na wanakuja na kilo nne kwenye ndoo. Panga bei ya kilo mapema, na uwe na mzani, maana ndoo hazilingani na ugomvi mwingi wa mashineni huanzia hapo.

Hatua ya 2: Funga injini na kinu kwenye msingi mmoja

Mimina zege la kubeba vyote viwili, na matundu ya bolti upande wa injini yawe marefu ili uweze kuivuta nyuma mkanda ukilegea. Kabla ya kukaza, pitisha uzi kwenye nyuso za puli mbili. Ukivutwa sawasawa lazima uguse kingo zote nne. Ukiacha mwanya hata wa milimita chache, mkanda utakwenda upande, utachanika pembeni na utakula beringi.

Bonyeza mkanda katikati kwa dole gumba. Ikiwa puli zimeachana mita moja, uzame kama sentimita moja na nusu. Ukizama zaidi utateleza: utasikia harufu ya mpira, utaona vumbi jeusi chini, na puli itakuwa ya moto. Ukikazwa kupita kiasi, beringi ndiyo itakayochemka. Mikanda miwili au mitatu ikifanya kazi pamoja, badilisha yote siku moja, kwa sababu mpya ukiwekwa na wa zamani uliorefuka, mpya peke yake ndio utabeba mzigo.

Funika mkanda kwa wavu wa chuma kabla mteja wa kwanza hajaingia. Wateja wengi ni akina mama waliofunga khanga, na khanga ikinaswa na mkanda hakuna mwendeshaji anayewahi kuzima injini. Bomba la moshi litoke nje ya kibanda.

Hatua ya 3: Pata mwendo sahihi kwa puli

Mahindi hupasuliwa na kasi ya ncha ya nyundo. Kinu ambacho nyundo zake zinachora duara la sentimita 45 kinataka mizunguko kama 3,200 kwa dakika. Hesabu ni hii: mizunguko ya injini, zidisha kwa upana wa puli ya injini, gawanya kwa upana wa puli ya kinu. Injini ikienda 2,000, puli yake ikiwa sentimita 20 na ya kinu 12.5, unapata 3,200.

Fundi akikupa puli yoyote iliyokuwepo dukani, kataa mpaka hesabu ikubali. Mwendo ukiwa mdogo, nafaka huzunguka ndani bila kupasuka na dizeli inaungua bure. Ukizidi kiwango cha mtengenezaji wa kinu, shafti na nyundo ziko hatarini kukatika.

Hatua ya 4: Nyundo, chekeche na mahindi yenyewe

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa uharibifu huja polepole. Nyundo mpya ina kona kali. Ikiwa butu, unga bado unatoka, ila kwa kuchelewa. Shika unga unapotoka: uvuguvugu ni kawaida, lakini ukikuchoma kiganja, ama nyundo zimekwisha ama chekeche limeziba. Nyundo nyingi zina kona nne, kwa hiyo zigeuze kabla ya kununua nyingine. Ukinunua, pima kwenye mzani na uweke za uzito sawa zikitazamana. Tofauti ndogo ya uzito kwa mwendo ule hutikisa kinu kizima, na mtikisiko ndio unaovunja beringi. Baada ya kufunga nyundo mpya, pitisha pumba kwanza na uzimwage, maana hubeba chembe za chuma. Weka na sumaku mdomoni mwa kinu ikamate misumari.

Chekeche la dona liwe na matundu ya milimita 0.8 hadi 1. La milimita 3 ni la chakula cha kuku. Ukiona chenga ghafla ndani ya unga laini, chekeche limetoboka. Simamisha papo hapo.

Mahindi mabichi huziba chekeche ndani ya dakika chache, na unga wake huota ukungu nyumbani kwa mteja. Ukiwa na shaka, tia mahindi machache na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika mbili au tatu. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mrudishe mteja kwa upole akaanike tena.

Hatua ya 5: Daftari la debe na lita

Kila jioni mwendeshaji aandike debe zilizosagwa na lita zilizotumika. Mashine nzima hutoa karibu debe tano kwa lita. Tuseme kusaga debe ni shilingi 1,500 na dizeli ni 3,000. Debe 300 zinaleta 450,000. Lita 60 ni 180,000, mwendeshaji 100,000, oili na akiba ya spea 40,000. Unabaki na 130,000.

Sasa acha nyundo ziishe mpaka lita moja isage debe tatu. Wateja ni wale wale na bei ni ile ile, lakini dizeli inakuwa lita 100, yaani 300,000, na mwenye mashine anabaki na 10,000. Kwa hiyo daftari likionyesha debe nne kwa lita kwa siku tatu mfululizo, kagua kwa mpangilio huu: mkanda, chekeche, kona za nyundo, kisha chujio la hewa la injini. Vyote vikiwa vizima, pima dizeli iliyobaki kwenye dumu kwa kijiti mbele ya mwendeshaji, asubuhi na jioni.