Somo: "Alisema atafungua" sio "She said she will open" (kugeuza mahojiano kuwa muhtasari wa Kiingereza)

Wakuu habari. Juzi nimekaa na daftari kumi na mbili za vijana wa fomu foo ninaowafundisha tuisheni jioni, kazi ilikuwa kusoma mahojiano mafupi halafu kuandika muhtasari kwa ripotidi spichi, na kosa moja limejirudia karibu kwa wote. Sio kwamba hawajui Kiingereza, shida ni kwamba wanafikiri Kiswahili alafu wanavalisha maneno ya Kiingereza juu yake.

Angalia hii. Sisi tukiongea tunasema "Alisema atafungua banda mwezi ujao". Hiyo -ta- imebaki vile vile alivyoitamka mwenyewe, hatuigusi. Kiingereza hakikubali hivyo kirahisi, ukishaandika "said" umeshaingia wakati uliopita na vitenzi vinavyofuata vinavutwa kurudi nyuma hatua moja. Waliosoma Kenya hapa wana nafuu kidogo, maana kwenye usemi wa taarifa wa shuleni walifundishwa -ta- igeuke -nge-, "nitakuja kesho" inakuwa "alisema kuwa angekuja siku ambayo ingefuata". Akili ni ile ile kabisa, tofauti ni kwamba kwa Kiswahili inabaki darasani na kwa Kiingereza watu wanaitumia kila siku.

Haya tushike mfano mmoja tu tuumalize. Nimeutunga mwenyewe, mwandishi (mwanaume) anaongea na mama anayekaanga samaki sokoni:

Reporter: When did you start this business?
Woman: I started in 2015. My sister lent me the money.
Reporter: Are you making a profit now?
Woman: I am making a little, but charcoal has become expensive. I will open a second stall here next month. Please don't write down my name.

Hatua ya 1: jua nani ni nani kabla hujaandika chochote. Chukua penseli, juu ya kila "I", "my", "me" na "you" andika ni mtu gani. "I" ya mama inakuwa "she", "my sister" inakuwa "her sister". Ile "you" ya kwenye maswali ni huyo huyo mama, kwahiyo nayo ni "she". Hapa Kiswahili kinatuponza sana kwasababu a- yetu haina mwanaume wala mwanamke, mtu anaanza na "she" mstari wa kwanza akifika wa tatu kashahamia "he" bila kujua. Kama mwandishi ndo wewe mwenyewe basi wewe unakuwa "I" au "me", kama unaripoti mahojiano ya mtu mwingine anakuwa "he", "him" au "the reporter". Chagua upande mmoja, wewe au mtu mwingine, ubaki nao mpaka mwisho.

Hatua ya 2: rudisha vitenzi nyuma hatua moja. "am making" inakuwa "was making". "has become" inakuwa "had become". "will open" inakuwa "would open". "lent" ambayo tayari ni wakati uliopita inasogea tena nyuma, "had lent". Kuhusu "started in 2015", ukiandika "she had started in 2015" ni sawa, ukiacha "she started in 2015" pia ni sawa kwasababu mwaka umeshatajwa na hakuna wa kuchanganyikiwa, ila kwenye mtihani mimi nawaambia vijana wageuze tu.

Hatua ya 3: maneno ya muda na mahali. Hii ndo wengi wanaisahau hata wakipatia vitenzi. Mama anaposema "next month" anahesabu kuanzia siku ile anaongea, sasa msomaji akisoma muhtasari wako baada ya miezi miwili "next month" itakuwa mwezi mwingine kabisa. Kwahiyo "next month" inakuwa "the following month", "tomorrow" ni "the next day", "yesterday" ni "the day before", "now" ni "then" au unaiacha tu. "here" ni "there", ila kwenye muhtasari ni bora utaje mahali penyewe, "at the market".

Hatua ya 4: maswali yanaacha kuwa maswali. Swali la ndiyo au hapana linaingia kwa "if" au "whether", na mpangilio unarudi kuwa wa sentensi ya kawaida: "He asked whether she was making a profit." Sio "whether was she making". Swali lenye "when" linabaki na "when" yake ila "did" inaondoka: "He asked when she had started." Alama ya kuuliza hakuna. Ombi kama lile la jina halihitaji "that", linachukua "not to": "She asked him not to write down her name."

Ukiunganisha inatoka hivi:

"The woman said that she had started in 2015 with money her sister had lent her. When the reporter asked whether she was making a profit, she replied that she was making a little, but complained that charcoal had become expensive. She added that she would open a second stall at the market the following month, and asked him not to write down her name."

Ona "said" imetokea mara moja tu. Ila kuweni makini na vitenzi vingine, "claimed" inamwambia msomaji kwamba wewe una mashaka na maneno yake, na "admitted" inamfanya aonekane alikuwa na kosa. Mama wa watu hajafanya kosa lolote, usimwandikie hivyo.

MASWALI

*Mwalimu, kama jambo bado ni kweli mpaka leo je? Mfano bado anauza samaki.*

Hapo unaruhusiwa kuacha, "She said she sells fish" ni Kiingereza safi. Ukisema "sold" pia haimaanishi kaacha kuuza. Na kama umeanza na "says" badala ya "said", vitenzi havirudi nyuma kabisa.

*Mimi niliandika "She said me that charcoal is expensive" nikakatwa maksi mbili, kwanini wakati aliniambia mimi?*

Pole ndugu, hilo ni "aliniambia" la kwetu limekuponza. "said" haibebi mtu moja kwa moja. Ukitaka kumtaja aliyeambiwa tumia "told": "She told me that charcoal was expensive." Na "told" nayo hapo inadai mtu, "She told that" sio sahihi.

*Na "must", "should", "could" zinageuka kuwa nini?*

"should", "could" na "might" zinabaki kama zilivyo. "can" inakuwa "could", "may" inakuwa "might". "must" ya kulazimika inakuwa "had to".

*Kwenye mahojiano yangu kuna mama na dada yake, wote "she". Nafanyaje?*

Usiandike "She told her that she had lent her money", hapo hata mimi sijui nani kamkopesha nani. Rudisha nomino: "The woman said that her sister had lent her the money." Ukimaliza kuandika mpe mtu ambaye hajasoma mahojiano, umuulize kila "she" ni nani, akisitasita mahali weka nomino hapo hapo.