SOMO: Karata ya Vikombe Vinne kwa aliyechoshwa na kazi, na namna ya kukitafuta kile kikombe cha nne

Naandika mara moja, atakayeniuliza tena namtumia hii. Kila wiki inboksi kuna mtu: "Nimetoa Vikombe Vinne, kazi imenichosha, niache?" Mimi natumia karata za taroti za mwaka 1909, zilizochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Kama zako ni za mchoraji mwingine, tafuta kwanza picha ya Vikombe Vinne ya 1909, maana somo lote limo humo.

1. Changanya, kata, toa moja. Swali liwe la leo: "Kazini napewa nini nisichokiona?"

2. Ikitoka Vikombe Vinne, itazame kabla hujafungua kijitabu. Kijana kaketi chini ya mti, kakunja mikono, mbele yake vikombe vitatu kwenye nyasi. Mkono unatoka winguni unamnyooshea cha nne.

3. Taja vile vitatu: unavyovipata tayari na vimekukinaisha. Andika "mshahara hauchelewi", usiandike "mambo ni sawa".

4. Sasa cha nne. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanakisoma kama habari ya kesho: "kuna ofa inakuja." Haiji, imeshafika. Mkono umekwisha kunyooshwa na kijana yupo pale pale. Kwa hiyo rudi nyuma mwezi mmoja: meseji ulizosoma ukaacha, mwaliko uliojibu "nitaangalia", mtu aliyekuomba umsaidie jambo ukaguna. Kisha tazama picha tena, vikombe vyote vinne vimefanana. Ofa yenyewe haing'ai kuliko ulivyo navyo, ndiyo maana inakupita. Ukitafuta cheo au nyongeza nono utatoka mikono mitupu. Na lazima pawe na mkono: ukishindwa kutaja nani anakupa, hicho ni kitu unachokitamani tu.

Tahadhari: karata inakuambia kione, haikuambii kipokee. Usimgeuzie mtu lawama kwamba hana shukrani. Kuna kazi zinazochosha kwa haki. Na kama hamu imekatika hadi nyumbani, chakula hakipandi na usingizi hauji, funga karata uende kwa daktari.

5. Toa karata moja ya kufafanua, iweke kushoto, upande wa wingu. MOJA. Ukiendelea kutoa hadi ije unayoipenda, unajisomea matamanio.

Mfano. Dada mmoja, mhasibu wa kampuni ya malori Mombasa. Vitatu vyake: mshahara wa uhakika, bosi asiyemfuatafuata, kurudi nyumbani saa kumi na moja. Cha nne alikataa kabisa kwamba kipo, hadi tulipopitia simu yake. Mkuu wa madereva alikuwa amemwandikia: "Njoo Alhamisi tuangalie hesabu za dizeli, hazikai sawa." Yeye aliisoma kama mzigo wa ziada. Karata ya kufafanua ikawa Sarafu Nane, fundi kwenye benchi lake anachonga sarafu moja moja. Ni kazi ya kujifunza kwa mkono, haina sherehe. Alikwenda, lakini kwa sharti kwamba kufaili risiti kuhamie kwa mwingine Alhamisi hizo.

MASWALI

Chaupele: Nimetoa hii leo, ina maana napata kazi mpya?
— Soma hatua ya 4.

Chaupele: Nimesoma. Lini sasa?
— Hujasoma.

Mja_wa_Mola: Hii si ramli tu?
— Kama dini yako inakukataza, usifanye. Mimi sijakuita.

Binti Makorora: Ikitoka kichwa chini je? Na nikitafuta cha nne nisikione kabisa?
— Maswali mazuri. Waite mwenyewe, ikipinduka, alitaja mambo mapya, mafunzo mapya na mahusiano mapya. Mimi huisoma kwamba kijana ameanza kuinua macho, basi uliza nani kazini amejitolea kukufundisha kitu. Usipokiona cha nne, jigeuze uwe wewe ndiye mkono: kuna mtu unayempa kitu hapo kazini naye hakipokei? Mara nyingi uchovu unatoka huko. Na ukikosa pande zote mbili, andika "sijaona", urudie baada ya wiki chache. Usibuni.

Mzee wa Kopa: Sina taroti. Karata za kawaida zinafaa?
— Nne ya kopa ndiyo hiyo hiyo. Ila haina kijana wala mkono, kwa hiyo weka picha pembeni.

Binti Makorora: Asante. Zangu zinanata sana na hili joto, kuchanganya ni vita.
— Nyunyiza poda ya mtoto kidogo kwenye kitambaa kikavu, pangusa moja moja pande zote mbili. Usiimwage juu ya karata, itaganda pembeni.

Mzee wa Kopa: Unga wa muhogo nao unafaa.
— Unaita mende. Poda.